Kufunga Saluni Bila Kumkimbia Mtu: Madeni, Wateja na Vifaa

Saluni nyingi za Dar es Salaam huwa hazifungwi, hutoweka. Jumanne mteja anafika na mafungu yake mawili ya rasta kwenye mfuko wa nailoni, anakuta kufuli. Namba haipatikani. Jirani wa duka la dawa anasema walihamisha vitu usiku. Baada ya wiki mbili draya ileile inaonekana kwa dalali, na mwenye mali kauli wa Kariakoo, aliyemkopesha mzigo, bado anauliza mtaa mzima mama alihamia wapi.

Yangu ilikuwa Sinza, fremu moja yenye viti vinne, na niliifunga Jumamosi tarehe 28 Juni 2025 baada ya miaka minne. Sikumkimbia mtu, ila nilikosea mahali pawili, na nitasema ni wapi. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye jina la biashara lililosajiliwa kwa jina lake mwenyewe Tanzania Bara, kama tulivyo wengi. Hapo sheria haikutenganishi na saluni yako: deni lake ni deni lako, na kufunga mlango hakulifuti. Kama ulisajili kampuni, kuifunga kuna taratibu zake na utahitaji mwanasheria. Usifuate haya ya kwangu.

Kwanza, chagua tarehe

Usifunge siku uliyochoka. Mambo mawili ndiyo yanayopanga tarehe ya saluni: kodi ya pango na msimu.

Kodi yangu ilikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi, ikilipwa miezi sita kwa mkupuo, na ilikuwa inaisha 30 Juni. Ningefunga Aprili ningemwachia mwenye nyumba zaidi ya miezi miwili niliyokwisha kulipia. Ningesubiri Julai ningetakiwa kutafuta 2,400,000 nyingine, na kwa hali ile ningezikopa. Msimu nao ukanisaidia: Idd el-Hajj ilikuwa mwanzoni mwa Juni, na wiki ya kuelekea Idd saluni yoyote, hata inayokufa, hujaa watu wa kusuka, wa hina na wa kucha. Hela ya wiki ile ndiyo iliyolipa mshahara wa mwisho.

Kwa hiyo fungua mkataba wa pango leo, uangalie vitu vitatu: kodi inaisha lini, notisi ya kuondoka ni ya muda gani, na kuna sentensi gani kuhusu vitu ulivyofunga ukutani. Hii ya tatu itatuhusu sana kwenye kuuza.

Kisha hesabu kurudi nyuma. Mimi nilijipa wiki kumi hivi. Chini ya wiki sita utauza vifaa kwa bei ya dharura, na zaidi ya miezi mitatu habari itavuja na wasusi wataondoka mmojammoja.

Daftari la madeni, lote

Nunua daftari la shilingi elfu moja. Andika kila unayedaiwa naye, na amana za wateja ziwe kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu hizo ndizo watu husahau kwamba ni deni. Pesa ya bibi harusi aliyetanguliza nusu si mapato mpaka siku umemremba.

Langu lilisomeka hivi:

Amana za wateja watatu, 460,000. Mmoja bibi harusi wa Agosti aliyetoa 300,000, mwingine wa sendofu 100,000, na mwingine wa kichen pati 60,000.

Dada wa mapokezi na usafi, 452,000, nitaeleza ilivyopatikana.

NSSF ya miezi minne ambayo sikuipeleka, 200,000 kabla ya tozo ya kuchelewa.

TRA, awamu ya makadirio ya Juni, 225,000.

Mkopo wa mtaani, ile tunayoiita kausha damu, 600,000.

Mali kauli ya Kariakoo, yaani rasta, weaving na relaksa, 1,020,000.

VICOBA, 1,200,000.

Nilipojumlisha nilipata 4,157,000, nikaenda kuosha vyombo nyumbani bila kuongea na mtu. Ukifika hapo usianze kulipa. Kwanza weka alama mbili kwenye kila deni: lipi linakua kila wiki, na lipi limeshika kifaa. Langu lililokuwa na alama zote mbili lilikuwa kausha damu. Riba yake ilikuwa ya kila mwezi, na kwenye karatasi niliyosaini niliorodhesha jenereta na televisheni kama dhamana. Maana yake sikuwa na haki ya kuuza jenereta lile mpaka nimalize deni. Wengi huuza tu, halafu mkopeshaji anakwenda kumnyang'anya mnunuzi, na mnunuzi anakwenda polisi na jina lako.

Deni moja linaweza kupungua bila kutoa hata senti: mali kauli. Kusanya kila kitu kutoka stoo ambacho hakijafunguliwa na tarehe yake ya kuisha bado iko mbali. Mimi nilijaza boksi mbili za rasta, weaving na makopo ya relaksa yenye lakiri, nikaenda nazo Kariakoo na vitabu vya mauzo vya yule mwenye mali kauli. Alinung'unika, akazipokea kwa bei ileile aliyoniandikia, 240,000. Ningewauzia wateja kwa bei ya kufunga nisingepata nusu. Deni lake likashuka hadi 780,000 na jumla yangu ikawa 3,917,000.

Nani ajue kwanza

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilimwambia msusi mmoja kwa siri, kwa sababu nilimpenda na nilitaka ajipange. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi saa tatu asubuhi, mteja akiwa chini ya draya, kirikuu ikasimama nje. Alikuwa kijana wa yule mwenye mali kauli.

"Dada, shikamoo. Bosi ametutuma tuchukue hizo draya mbili."

"Marahaba. Ametuma kwa karatasi gani?"

Hakuwa na karatasi. Nikampigia bosi wake, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba tarehe ipo, boksi mbili za mzigo nazirudisha Jumatatu, na salio lake nitamwandikia siku ya kumlipa. Kirikuu ikaondoka. Lakini mteja aliyekuwa chini ya draya alikuwa amesikia yote, na kufikia jioni Sinza yote ilijua.

Mpangilio ninaoushauri ni huu, na wote wamalizike ndani ya siku mbili au tatu: asubuhi wafanyakazi na wasusi pamoja, mchana wadai wakubwa kwa simu au kwa kwenda mwenyewe, kesho yake mwenye nyumba kwa barua, kisha wateja wenye amana. Mdai akisikia kutoka kwako, pamoja na tarehe, huwa anakaa. Akisikia kwa watu, anakuja na usafiri.

Kuhusu wafanyakazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi kwamba saluni ndogo imesamehewa. Ukipunguza watu kwa sababu biashara inafungwa, unatakiwa uwape taarifa ya nia hiyo mapema, uwaeleze sababu na mzungumze kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku zisizopungua 28, kwa maandishi. Mimi nilikaa nao 12 Mei, na barua ikafuata.

Hesabu ya dada wa mapokezi iko hivi. Mshahara wake ulikuwa 250,000 na alikuwa ametimiza miaka mitatu. Kiinua mgongo kwa mtu aliyefanya kazi angalau miezi 12 ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Siku saba mara tatu ni 21. Nikagawa 250,000 kwa siku 26 za kazi nikapata 9,615 kwa siku. Mara 21 ni karibu 202,000. Likizo aliyoikusanya kwa nusu mwaka nikaihesabu nusu mshahara, 125,000. Nusu ya mshahara wa Mei nilikuwa sijamlipa, 125,000. Jumla 452,000. Mshahara wa Juni wenyewe ulitoka kwenye mapato ya Juni.

Nilimpa karatasi yenye hesabu hiyo mistari yote, akaisoma mara mbili. "Mama, hii ya kiinua mgongo hata sikuijua," akasema. Wengi hawajui, na ndiyo maana hawalipwi. Mpe pia cheti cha utumishi kinachoonyesha alianza lini, alimaliza lini na alifanya kazi gani. Ni karatasi moja, na saluni inayofuata itamwuliza. Ukimwacha na malalamiko anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko utaulizwa hizi karatasi hizi.

Wasusi wangu walikuwa wanalipia kiti kwa wiki, wanapanga saa zao na wana wateja wao, kwa hiyo nao ilikuwa ni kuvunja makubaliano ya kiti tu, kwa notisi. Lakini usijidanganye kwa neno asilimia. Kama msusi wako anakuja saa mbili kwa sababu wewe umesema saa mbili, anatumia dawa zako na wewe ndiye unayempa mteja, anaweza kuhesabiwa mfanyakazi hata kama mlikuwa mnagawana nusu kwa nusu kila jioni.

Wateja

Gawanya wateja mafungu mawili. Wenye pesa yao kwako hawatumiwi meseji, wanapigiwa. Wengine wote wanatosha kwa ujumbe.

Simu ngumu ilikuwa ya bibi harusi wa Agosti, na hakupokea yeye, alipokea mama yake. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikasema moja kwa moja: saluni inafungwa mwezi wa sita, harusi ya binti ni wa nane, na zile laki tatu zipo. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, si ungesema tu umeumwa?" Nikamweleza kuna njia mbili: nimrudishie pesa yote wiki ile, au msusi wangu wa maharusi, anayehamia saluni nyingine Mwenge, aifanye kazi kwa bei ileile, na amana niikabidhi kwake mbele yao. Wakachagua pesa. Nilituma 300,000 na ya kutolea juu, na nikaomba wajibu kwa meseji kwamba imefika. Ile ya kutolea ni shilingi elfu chache, lakini ukiikata mteja atakumbuka hiyo tu.

Usihamishe amana kwenda kwa msusi mwingine bila mteja kukubali kwa maandishi, hata kama unamwamini msusi. Akichelewa siku ya harusi, simu itapigwa kwako.

Wa sendofu alichagua kuhama na msusi, wa kichen pati nikamtengeneza kabla ya kufunga, ikaisha. Kwa hiyo pesa iliyotoka taslimu mfukoni kwa maharusi wote ilikuwa 400,000, na 60,000 nikailipa kwa kazi.

Ujumbe kwa wateja wa kawaida niliutuma wiki nne kabla:

"Habari dada. Saluni yetu ya Sinza itafanya kazi mara ya mwisho Jumamosi 28 Juni. Ukitaka kuhudumiwa kabla ya hapo, nijulishe siku. Kama kuna pesa au kitu chako kilichobaki kwetu, niambie kabla ya tarehe 20. Ukihitaji kujua dawa na rangi tuliyokuwa tunakuwekea, nitakuandikia. Asante kwa miaka yote."

Sikuandika sababu. Ukiandika "hali ya biashara" watakupa pole, ukiandika "mabadiliko" watahisi unaficha. Tarehe inatosha. Wala usitangaze punguzo la kufunga kwa mwezi mzima. Wiki ya Idd ungeweza kuuza kwa bei kamili.

Ile sentensi ya dawa watu waliipenda kuliko nilivyotarajia, na kwa kazi yetu ina uzito. Mteja wa relaksa ya hidroksaidi akienda saluni mpya bila kusema, halafu akatiwa dawa ya kalikiti, nywele hukatika, kwa sababu dawa hizo mbili hazipatani kwenye unywele mmoja. Nilimwandikia kila aliyeomba: aina ya relaksa, nguvu yake, lini aliwekewa mara ya mwisho, namba ya rangi, na kama kuna kitu kilichowahi kumwasha. Mistari minne kwenye WhatsApp.

Mnunuzi wa vifaa vyangu aliniomba namba za wateja wote, na aliziongezea bei. Nilikataa. Watu walikupa namba ili uwapangie siku ya kusuka, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikupi ruhusa ya kuziuza. Tulikubaliana kitu kingine: mimi mwenyewe nikawatumia wateja ujumbe kwamba kuanzia Julai palepale atakuwepo fulani, namba yake hii, anayetaka amtafute.

Vifaa

Watu huanza na hatua hii, ndiyo maana wanapata hasara. Ukiuza draya kabla wadai hawajazungumza nawe, kila mmoja ataona unakimbia.

Orodhesha kwanza, chumba kwa chumba, na mbele ya kila kifaa andika mambo manne: kilinunuliwa lini, risiti ipo au haipo, kinafanya kazi au kina kasoro gani, na ni cha nani. Hilo la mwisho si mzaha. Kwenye saluni yangu pasi moja ya nywele ilikuwa ya msusi, mashine ya kukaushia kucha ilikuwa ya dada wa kucha, na feni ilikuwa ya mwenye nyumba.

Safisha na rekebisha vidogo kabla ya kupiga picha. Stima yangu ilikuwa haitoi mvuke vizuri, na fundi mmoja akaniambia imekufa. Haikuwa imekufa. Maji ya kisima ya mtaa ule yana chumvi, na tangi lilikuwa limejaa magamba meupe. Nililijaza siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nikaliacha usiku kucha, asubuhi nikasuuza mara tatu na kuliwasha. Mvuke ulitoka kama kettle ya mgahawa. Kiti cha haidroliki kinachoshuka chenyewe ni hadithi nyingine: mkalishe mtu mzito, mpandishe, subirini dakika kumi. Kikishuka, pampu imechoka, na afadhali useme mwenyewe kuliko mnunuzi agundue na kuanza kushuku vyote.

Draya iwashe mbele ya mnunuzi dakika kumi nzima, joto la juu. Dakika mbili hazimwonyeshi kitu, naye anajua.

Kuna njia tatu za kuuza, na bei zake hazifanani. Dalali wa vitu vya mtumba huja mara moja, anabeba vyote, analipa leo. Mimi alinipa 1,800,000 kwa kila kitu. Kuuza kimojakimoja kwa wasusi wenzako kunaleta zaidi, ila utabaki na vioo vikubwa vilivyokatwa kwa kipimo cha ukuta wako, ambavyo hakuna anayevitaka. Njia ya tatu ni kumpata mtu anayetaka kufungua saluni palepale, akununulie vile vilivyofungwa na kukulipa kilemba cha fremu.

Kilemba ndicho chenye pesa na ndicho chenye ugomvi. Fremu si yako, unachouza ni mahali palipokwisha kuwekewa mabomba, sinki, umeme wa kutosha na wateja waliozoea njia. Kwa hiyo usipokee hata shilingi kabla mwenye nyumba hajakaa na huyo mpangaji mpya na kukubaliana naye kodi. Hapa nilikosea mara ya pili: nilipokea 300,000 ya kwanza kutoka kwa dada mmoja, mwenye nyumba akapandisha kodi hadi 500,000, dada akajitoa na nikalazimika kumrudishia. Wa pili nilimpeleka kwa mzee kwanza, tukakaa watatu, na ndipo tukaandikishana. Ni hapohapo pia utajua kama sinki na kiyoyozi ni vyako. Wenye nyumba wengine huchukulia kila kilichopigwa skrubu ukutani ni cha nyumba, na kama mkataba uko kimya, risiti yako ndiyo itakayokusemea.

Nilichanganya njia mbili. Wasusi wawili walikuwa wameshahama, viti vyao vimekaa bure, kwa hiyo mwishoni mwa Mei niliuza viti viwili, draya moja na stima kwa wenzangu wa Manzese na Tabata. Nilipata 650,000, na siku ileile nikaenda kumaliza kausha damu, 600,000, nikarudishiwa karatasi yangu ya dhamana na kuichana mbele yake. Jenereta na televisheni zikawa huru, nikaziuza 500,000. Viti viwili na draya iliyobaki tulivitumia mpaka Idd ikapita, mpaka siku ya mwisho. Hivyo, pamoja na sinki, vioo, sofa, hita ya maji, kiyoyozi na kilemba, mpangaji mpya alivichukua kwa 1,900,000. Jumla 3,050,000, dhidi ya 1,800,000 za dalali.

Kila mauzo yaandikie karatasi: majina, namba za kitambulisho cha NIDA, kifaa na hali yake, bei, tarehe, na neno kwamba kimeuzwa kama kilivyo baada ya kujaribiwa. Usikubali ya "nitamalizia mwisho wa mwezi". Wewe mwisho wa mwezi hutakuwepo pale, na kumfuata mtu Kimara kwa elfu themanini kutakula nauli yote.

Vingine haviuzwi. Relaksa iliyofunguliwa, rangi iliyochanganywa, pereksaidi iliyovimba chupa, na brashi za kucha zilizotumika, vifungie kwenye mfuko imara na kumwambia mzoa taka ni dawa, usivimwage kwenye sinki la mpangaji mpya. Kama kuna krimu za kung'arisha zenye haidrokwinoni au zebaki zilizobaki kwenye kabati, zimepigwa marufuku nchini, kwa hiyo usimgawie hata mdogo wako. Na mashine ya EFD, kama unayo, usiiuze kabisa na vifaa vingine. Imefungwa kwenye TIN yako, na kila risiti itakayotoka humo itakuwa ya kwako.

Kulipa, kwa zamu

Hela ilivyoingia ilitoka hivi: kwanza kausha damu kwa sababu inakua na imeshika vitu, kisha amana za wateja, kisha dada wa mapokezi, kisha NSSF na TRA, kisha Kariakoo, mwisho VICOBA. Watu hunishangaa kwa VICOBA kuwa mwisho, maana ni akina mama ninaokaa nao kila Jumapili. Ndiyo sababu yenyewe. Wao walikuwa tayari kukaa na kuongea. Mkopeshaji wa mtaani hakuwa tayari. Nilikwenda kwenye kikao kabla ya kuchelewa hata rejesho moja, nikafungua daftari nikawaonyesha.

Vifaa vilileta 3,050,000, na Juni iliacha 167,000 baada ya mshahara, ukihesabu na ile 60,000 ya kichen pati niliyoilipa kwa kazi. Dhidi ya 3,917,000, nilipungukiwa 700,000. Tukaandika laki moja kila mwezi kuanzia Julai, mdhamini akasaini. Ukiahidi, ahidi kiasi ambacho hata mwezi mbaya utakitoa. Kuahidi laki mbili na kuleta elfu hamsini ni kubaya kuliko kuahidi elfu hamsini.

Kila unayemlipa akupe risiti au asaini kwenye daftari lako. Kariakoo walinipigia Oktoba kudai 80,000 ya kitabu cha zamani; nikawatumia picha ya ukurasa.

Makaratasi na mlango

TRA usiwaache wagundue wenyewe. Usipotoa taarifa, makadirio yataendelea kudaiwa kila robo mwaka kwa saluni ambayo haipo, na adhabu juu yake. Andika barua ya kufunga biashara ukitaja TIN, jina la biashara, mahali na tarehe ya kufunga, ipeleke ofisi ya wilaya yako ya kodi na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Lipa awamu iliyofika, uliza kama kuna ritani inayosubiri, na kama una EFD fuata utaratibu wa kuiondoa kwenye mfumo. TIN yenyewe ni ya kwako maisha yote, haifi na saluni.

Manispaa wapelekee barua ofisi ya biashara kuhusu leseni, na ushushe bango siku ya mwisho ili usije kudaiwa tozo yake. BRELA toa taarifa ya kuacha kutumia jina la biashara kupitia mfumo wao wa ORS. NSSF wajulishe kwamba huna tena mwajiriwa, la sivyo nao wataendelea kukuhesabia michango.

Wiki ya mwisho nunua LUKU kidogokidogo. Uniti zinazobaki kwenye mita huwezi kuhama nazo. Mimi nilimwachia mpangaji mpya uniti kama 40 kwa sababu sikufikiria. Soma mita ya maji pamoja na mwenye nyumba na mpige picha. Kabidhi funguo kwa karatasi.

Laini ya saluni usiitupe. Iwekee salio na iache kwenye simu ya zamani kwa miezi sita. Wateja watapiga kuuliza rangi, na kuna mmoja aliyepiga Septemba kuuliza wigi lake, nami nilikuwa nalo kwenye boksi la viatu. Hati zote za mapato, risiti na mikataba zinatakiwa kutunzwa miaka mitano kwa ajili ya kodi. Zangu ziko kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, juu ya kabati, panya hawafiki.

Rejesho la saba la VICOBA nililipeleka Jumapili ya kwanza ya Januari 2026. Mweka hazina akagonga muhuri kwenye kitabu changu, akauliza kama nasuka nyumbani siku hizi, kwa sababu mkwewe anataka waende kilioni na nywele za kufuma tu.